Mwongozo Kamili wa Kutunga Jedwali la Matokeo ya Mapigano Katika Mchezo wa Vita wa Heksi na Kete

Wanaotunga michezo ya vita ya ramani za heksi, yaani ramani zilizogawanywa katika vyumba vya pande sita, huangukia mahali pamoja mara kwa mara. Huchora jedwali zuri la matokeo, hulijaribu kwenye uwanja wa tambarare likafanya kazi, kisha huongeza msitu, kilima, mto na mji. Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Ama mji unageuka ngome isiyoangushwa na jeshi lolote, ama msitu unakuwa rangi ya kijani tu isiyomnufaisha anayejificha ndani yake.

Chanzo chake ni kwamba ardhi inachukuliwa kama kiraka cha kubandikwa juu ya jedwali lililokwisha kukamilika. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, yaani kulitunga jedwali huku tayari tukijua kwamba ardhi italisukuma, na kujua litasukumwa kiasi gani. Tutatumia aina moja tu ya jedwali, lile la uwiano wa nguvu linalotumia dadu moja ya pande sita, kwa sababu hesabu zake zinaweza kukaguliwa kwa penseli.

## Vifaa vinavyohitajika

Andaa karatasi ya miraba, penseli na kifutio, dadu moja ya pande sita, kipande cha ramani chenye heksi zipatazo 40, na kete zipatazo 16, yaani vipande vinavyowakilisha vikosi, zilizoandikwa nguvu zake. Kwa mfano wetu, kete nyingi ziwe na nguvu 4 na chache ziwe na nguvu 2 au 3. Kete zisiwe na picha wala mapambo kwa sasa, kwa kuwa nyingi zitabadilishwa.

Andaa pia ukanda mwembamba wa karatasi wenye vyumba 13 vya upana ule ule wa miraba yako. Ukanda huu ndio moyo wa kazi yote, na utautumia katika hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Pima uwiano unaoweza kufikiwa mezani

Kabla ya kuandika tokeo lolote, tafuta ni uwiano gani mchezaji anaweza kuupata kwa kweli. Uwiano ni nguvu ya mshambulizi ikigawanywa kwa nguvu ya mlinzi, na masalio hushushwa kwa faida ya mlinzi. Kwa hiyo 11 dhidi ya 4 ni 2:1, na 4 dhidi ya 7 ni 1:2.

Kinachoamua uwiano wa juu ni mambo mawili: idadi ya kete zinazoruhusiwa kurundikwa katika heksi moja, na idadi ya heksi zinazomgusa mlinzi. Pale majeshi mawili yanapokabiliana kwa mstari ulionyooka kufuata safu ya heksi, kila heksi ya mlinzi hugusana na heksi mbili tu za adui. Tukiruhusu kete mbili kwa heksi, na kila kete ikiwa na nguvu 4, basi mlinzi mmoja mwenye nguvu 4 anaweza kushambuliwa kwa nguvu 16, yaani 4:1. Mlinzi akichomoza mbele ya mstari wake na kuguswa kutoka heksi tatu, nguvu inafika 24, yaani 6:1. Walinzi wawili wakirundikana katika mstari ulionyooka, uwiano unashuka hadi 2:1.

Kwa hiyo jedwali la mfano huu linahitaji safu saba: 1:2, 1:1, 2:1, 3:1, 4:1, 5:1 na 6:1. Safu ya 8:1 au 10:1 ingekuwa pambo, kwani hakuna atakayeifikia isipokuwa anapoikanyaga kete dhaifu iliyosahaulika nyuma.

Tahadhari. Usinakili safu kutoka mchezo mwingine bila kuangalia sheria yake ya kurundika. Jedwali lililotungwa kwa marundo ya kete tatu, likitumika kwenye mchezo wa kete moja kwa heksi, litaacha nusu yake ya kulia bila kuguswa.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, kwa kila safu, ni mpangilio gani wa kete kwenye ramani unaoifikisha.

## Hatua ya 2: Amua kila nafasi idumu zamu ngapi

Swali ambalo watunzi wengi hawajiulizi ni hili: ninataka nafasi hii ishike kwa zamu ngapi? Badala yake wao hujiuliza ni asilimia ngapi ya ushindi inaonekana kuwa ya haki, na asilimia isiyofungamana na urefu wa mchezo haina maana yoyote.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa shambulio lina nafasi 4 kati ya 6 za kumwondoa mlinzi, kwa wastani litahitaji kurudiwa mara 6/4, yaani mara 1.5. Likiwa na nafasi 3 kati ya 6, mara 2. Likiwa na 2 kati ya 6, mara 3. Likiwa na 1 kati ya 6, mara 6. Kwa kuwa nafasi moja hushambuliwa mara moja kwa zamu, idadi hizo ndizo zamu.

Chukua mchezo wa zamu 8 ambamo mshambulizi lazima avunje nafasi tatu zinazofuatana: ya kwanza tambarare, ya pili msituni, ya tatu mjini. Tuseme shambulio lake la kawaida ni 3:1, na tunataka aweze kufika akiwa amebakiwa na zamu moja au mbili za kutembea na za bahati mbaya. Basi jumla ya zamu za mapigano iwe kati ya 6 na 7. Andika namba hiyo pembeni ya karatasi, kwa sababu ndiyo itakayoamua thamani ya mji katika hatua ya tano.

## Hatua ya 3: Tunga ukanda mmoja, kisha uutelezeshe

Makosa mengi huanzia kwenye kujaza jedwali chumba kwa chumba. Mtunzi hujaza safu ya 3:1 leo, kesho ya 4:1, na mwishowe safu mbili zinazofuatana zinatofautiana kwa mruko mkubwa huku nyingine mbili zikifanana kabisa. Ardhi ikija kusukuma safu, msukumo wa safu moja unakuwa na uzito mmoja hapa na mwingine kule.

Dawa yake ni kuandika matokeo yote katika mstari mmoja, kuanzia baya kabisa kwa mshambulizi hadi baya kabisa kwa mlinzi, halafu kila safu ya jedwali ikawa dirisha la vyumba sita juu ya mstari huo. Matokeo yetu ni matano:

- SH: mshambulizi apata hasara. Anaondoa kete zenye nguvu isiyopungua nguvu ya mlinzi, na zilizobaki zinarudi heksi moja.
- SR: mshambulizi arudi heksi moja bila hasara.
- HP: hasara pande zote mbili. Mlinzi anaondolewa, na mshambulizi anaondoa kete zenye nguvu isiyopungua ya mlinzi.
- LR: mlinzi arudi heksi moja.
- LA: mlinzi aangamizwa.

Ukanda wenyewe unasomeka hivi, na chini yake ipo kanuni ya kupata tokeo:

```
1  2  3  4  5  6  7  8  9  10 11 12
SH SH SR SR SR HP LR LR LR LA LA LA

chumba = dadu + safu
(1:2 = 0, 1:1 = 1, 2:1 = 2, ... 6:1 = 6)
```

Safu ya 1:2 inachukua chumba cha 1 hadi cha 6, safu ya 1:1 inachukua cha 2 hadi cha 7, na kuendelea hivyo hadi 6:1 inayochukua cha 7 hadi cha 12. Ukiutelezesha ukanda wa karatasi juu ya miraba na kunakili kila safu, unapata jedwali hili:

| Dadu | 1:2 | 1:1 | 2:1 | 3:1 | 4:1 | 5:1 | 6:1 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | SH | SH | SR | SR | SR | HP | LR |
| 2 | SH | SR | SR | SR | HP | LR | LR |
| 3 | SR | SR | SR | HP | LR | LR | LR |
| 4 | SR | SR | HP | LR | LR | LR | LA |
| 5 | SR | HP | LR | LR | LR | LA | LA |
| 6 | HP | LR | LR | LR | LA | LA | LA |

Hesabu vyumba vinavyomwondoa mlinzi katika kila safu, yaani HP, LR na LA. Utapata 1, 2, 3, 4, 5, 6 na 6. Kila safu inaongeza nafasi moja kati ya sita mpaka 5:1, na kutoka hapo kinachoongezeka ni uwezekano wa kuangamiza. Hakuna ngazi ndefu wala fupi, na hilo ndilo tunalolihitaji kabla ya kuleta ardhi.

Huenda ukapenda mchezo wenye damu nyingi zaidi. Usibadilishe chumba kimoja ndani ya jedwali, badilisha ukanda. Ukifanya chumba cha 9 kuwa LA badala ya LR, safu zote kuanzia 3:1 zitapata chumba kimoja cha kuangamiza zaidi, na ulinganifu utabaki.

Tahadhari. Kumbuka kwamba LR huwa LA pale mlinzi anapokosa pa kurudi. Ikiwa mchezo wako una maeneo ya udhibiti, yaani heksi zinazoizunguka kete ambazo adui hawezi kuzipita kwa uhuru, yanayofunga njia ya kurudi, mlinzi aliyezingirwa ataangamizwa katika 3:1 kwa nafasi 4 kati ya 6, ingawa safu hiyo haina LA hata moja. Jedwali lenye LR nyingi si pole kama linavyoonekana.

Utajua umefaulu ukisogea mstari mmoja chini katika safu yoyote na kukuta tokeo lile lile ambalo ungelipata kwa kusogea safu moja kulia kwenye mstari uliokuwa. Jaribu pale ulipo 2:1 na dadu 3: ukishuka ni HP, ukienda kulia ni HP.

## Hatua ya 4: Chagua ardhi ifanye kazi kwa njia gani

Ziko njia tatu zinazotumika: kuzidisha nguvu ya mlinzi mara mbili, kupunguza namba ya dadu, au kuhamisha safu kuelekea kushoto. Kwa macho zinafanana, lakini zinauma mahali tofauti.

### Kuzidisha nguvu mara mbili

Njia hii ni rahisi kueleza, na ndiyo maana hupendwa. Hebu tuone inamfanya nini mshambulizi anayemkabili mlinzi wa nguvu 4 aliyegeuzwa kuwa 8:

| Nguvu ya mshambulizi | Tambarare | Mlinzi akizidishwa | Safu zilizopotea |
|---|---|---|---|
| 4 | 1:1 | 1:2 | 1 |
| 8 | 2:1 | 1:1 | 1 |
| 12 | 3:1 | 1:1 | 2 |
| 16 | 4:1 | 2:1 | 2 |
| 20 | 5:1 | 2:1 | 3 |
| 24 | 6:1 | 3:1 | 3 |

Anayeshambulia kwa uzembe anapoteza safu moja, ilhali aliyekusanya jeshi kubwa anapoteza tatu. Vilevile nguvu 8 na nguvu 12 zinaishia safu moja, hivyo kete ya tatu imekuja bure. Ili kurudi kwenye 3:1, mshambulizi mwenye nguvu 12 lazima aongeze nguvu nyingine 12, na tumeshaona katika hatua ya kwanza kwamba mstari ulionyooka unaruhusu 16 tu. Kwa maneno mengine, kuzidisha kunaifanya nafasi isishambuliwe kwa 3:1 mpaka iguswe kutoka heksi tatu. Ikiwa ndicho unachokitaka kwa ngome maalumu, sawa. Kwa msitu wa kawaida ni adhabu kupita kiasi.

### Kupunguza dadu

Kwa kuwa jedwali letu limetelezeshwa kutoka ukanda mmoja, kupunguza 1 kwenye dadu ni sawa na kuhamisha safu moja kushoto, ila kwenye kingo. Dadu ikionyesha 1 na ukapunguza 2, unapata −1, na jedwali halina mstari huo. Wengi huandika kwamba chochote kilicho chini ya 1 kisomwe kama 1. Tazama linalotokea kwa shambulio la 3:1 dhidi ya mji wenye −2: mistari inayosomwa ni 1, 1, 1, 2, 3 na 4, na matokeo ni SR, SR, SR, SR, HP na LR. Kwa kuhamisha safu mbili ungesoma safu ya 1:1, yaani SH, SR, SR, SR, HP na LR.

Uwezekano wa kuuteka mji ni ule ule, 2 kati ya 6. Lakini SH imetoweka, na mshambulizi anaweza kuupiga mji kila zamu bila kuogopa kupoteza kete isipokuwa kwa HP. Hivyo kosa la sheria ndogo ya ukingo limeufanya mji kuwa mahali salama zaidi pa kushambulia kuliko unavyodhani. Unaweza kulirekebisha kwa kuongeza mstari wa 0 na wa −1 juu ya mstari wa 1, na ukifanya hivyo kutoka kwenye ukanda, njia hizi mbili zinakuwa kitu kimoja.

### Kuhamisha safu

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa heksi za kawaida. Bei yake haibadilikabadiliki: ili kufuta athari ya safu moja, mshambulizi anahitaji kuongeza nguvu iliyo sawa na ya mlinzi mara moja, awe alianzia 2:1 au 4:1. Dhidi ya mlinzi wa nguvu 4 msituni, kete moja zaidi ya nguvu 4 inatosha. Mchezaji anaweza kuipima bei hiyo kichwani, akaamua kama msitu unastahili.

Njia hii ina mtego mmoja, na ndiyo sababu SH yetu iliandikwa vile. Michezo mingi huweka tokeo la kuangamiza kete zote za mshambulizi. Kwenye tambarare tokeo hilo halina ukatili mkubwa, kwa sababu hupatikana katika 1:1, ambako mshambulizi ana nguvu 4 tu dhidi ya 4. Lakini ardhi inapomsukuma mwenye nguvu 12 kutoka 3:1 hadi 1:1, anaingia kwenye safu iliyotungwa kwa ajili ya majeshi madogo akiwa na jeshi kubwa, na dadu moja inafuta robo ya kete zake zote mezani. Kwa kufunga hasara kwenye nguvu ya mlinzi, SH inamgharimu nguvu 4 popote alipo.

Tofauti hiyo inahesabika. Katika safu ya 1:1, mwenye nguvu 12 dhidi ya mji wenye nguvu 4 ana nafasi moja ya SH na moja ya HP, kila moja ikimgharimu 4, hivyo wastani ni 8/6, takriban 1.3 kwa shambulio. Kama SH ingeangamiza wote, wastani ungekuwa 16/6, takriban 2.7. Mji ungekuwa ghali maradufu bila mtunzi kugusa safu yake ya ardhi hata kidogo.

Tahadhari. Usichanganye njia mbili kwa aina moja ya ardhi, kwa mfano mji unaozidisha nguvu na pia kuhamisha safu. Shambulio la 6:1 hushuka hadi 3:1 kwa kuzidisha, kisha hadi 1:1 kwa safu mbili. Hakuna tena sababu ya kukusanya jeshi.

## Hatua ya 5: Ipe kila ardhi thamani yake

Sasa rudi kwenye namba uliyoandika pembeni. Shambulio la kawaida ni 3:1. Tambarare haihamishi kitu, hivyo inachukua zamu 1.5. Msitu ukihamisha safu moja, shambulio linakuwa 2:1 na linachukua zamu 2. Mji tuujaribu kwa thamani tatu:

- Safu moja: shambulio la 2:1, zamu 2, na jumla ya njia yote ni zamu 5.5.
- Safu mbili: shambulio la 1:1, zamu 3, na jumla ni zamu 6.5.
- Safu tatu: shambulio la 1:2, zamu 6, na jumla ni zamu 9.5.

Tulitaka kati ya 6 na 7, kwa hiyo mji ni safu mbili. Safu tatu ingemwambia mshambulizi kwamba hawezi kuushinda mchezo wa zamu 8 kwa njia ya moja kwa moja, na ndilo kosa lililomo katika michezo mingi inayolalamikiwa kwamba mlinzi hushinda daima. Kilima kipe safu moja kama msitu. Nisingeongeza aina nyingine za ardhi mpaka hizi tatu zizoeleke.

Kumbuka kwamba hizi ni wastani. Mji unaoanguka kwa nafasi 2 kati ya 6 utakuwa bado umesimama baada ya mashambulio matatu kwa uwezekano wa 8 kati ya 27, karibu asilimia 30. Tena, hesabu inadhani kwamba mshambulizi analeta akiba kila anapopoteza kete. Akipata SH na kubaki na nguvu 8, shambulio lijalo ni 2:1, na mjini litasomwa kwenye 1:2. Mchezo wako usipompa akiba, punguza thamani ya mji au ongeza zamu.

Kwa heksi yenye sifa mbili, kama kilima chenye msitu, tumia ile iliyo kubwa peke yake. Ukizijumlisha, mlinzi atasaka heksi zenye rangi tatu na kukaa hapo mchezo mzima.

## Hatua ya 6: Ushughulikie mto peke yake

Mto haumo ndani ya heksi, unapita ubavuni. Heksi moja inaweza kushambuliwa na kete zinazovuka maji na nyingine zinazokuja kwa nchi kavu, katika shambulio lile lile. Sheria iliyozoeleka, kwamba mto unahamisha safu moja endapo washambulizi wote wanavuka, ina tundu: mchezaji huleta kete moja ya nguvu 2 upande wa nchi kavu, na mto mzima unafutika.

Kwa hiyo hapa ndipo nusu ya nguvu inapofaa. Kila kete inayoshambulia kwa kuvuka mto ihesabiwe nusu, nusu hizo zijumlishwe bila kushushwa, na masalio yashushwe mara moja tu wakati wa kutafuta uwiano. Ukishusha kila kete peke yake, kete ya nguvu 3 itahesabiwa 1 badala ya 1.5, na majeshi ya kete ndogo ndogo yataumia bila sababu.

## Hatua ya 7: Andika kingo na mpangilio wa kuhesabu

Kuna maswali mawili ya kingo ambayo lazima yajibiwe kwa maandishi, vinginevyo wachezaji wawili watasoma jedwali moja kwa namna mbili.

La kwanza ni ukingo wa kulia. Mshambulizi ana 9:1 dhidi ya mji. Akihamishwa kwanza anapata 7:1, inayosomwa 6:1, na mji unakuwa haujamsaidia mlinzi chochote. Uwiano ukipunguzwa kwanza hadi 6:1, kisha kuhamishwa, anasoma 4:1. Chagua ya pili, ili ardhi iwe na uzito daima.

La pili ni ukingo wa kushoto. Shambulio la 1:1 dhidi ya mji linaangukia nje ya jedwali. Ukisema lisomwe 1:2, umempa mshambulizi nafasi 1 kati ya 6 kwa bei ya punguzo, na ataitumia kila zamu kwa kete mbovu. Ikiwa kushambulia ni hiari, andika kwamba shambulio linaloshuka chini ya 1:2 haliruhusiwi. Ikiwa kete zinazogusana na adui zinalazimika kushambulia, ongeza safu ya 1:3 kwa kutumia chumba cha 13 cha ukanda wako: kiweke kushoto kabisa, ukipe namba 0 na kukiandika SH. Safu mpya itasomeka SH, SH, SH, SR, SR, SR. Kinachoshuka chini ya hapo kisomwe kwenye safu hiyo hiyo, kwa kuwa haina tena cha kumpa mshambulizi.

Kisha chapisha mpangilio huu chini ya jedwali lenyewe, si ndani ya kitabu cha sheria:

1. Gawa nusu nguvu za wanaovuka mto, kisha jumlisha nguvu zote.
2. Tafuta uwiano na ushushe masalio kwa faida ya mlinzi.
3. Uwiano unaozidi 6:1 uwe 6:1.
4. Hamisha safu kushoto kwa ardhi ya mlinzi.
5. Rusha dadu.
6. Hasara za SH na HP zihesabiwe kwa nguvu zilizochapishwa kwenye kete, bila nusu wala ardhi.

Kipengele cha sita kinaonekana kidogo, lakini bila hicho mshambulizi atadai kwamba kete yake ya nguvu 4 iliyovuka mto imehesabiwa 2, hivyo hasara yake nayo iwe nusu.

## Hatua ya 8: Pitisha shambulio moja tangu mwanzo hadi mwisho

Mweke mlinzi wa nguvu 4 ndani ya mji wenye mto upande wa magharibi. Mshambulizi ana kete mbili za nguvu 4 katika heksi ya magharibi, na nyingine mbili za nguvu 4 katika heksi ya kaskazini-mashariki, penye nchi kavu.

Za magharibi zinavuka, hivyo 8 inakuwa 4. Jumla ni 4 + 8 = 12. Uwiano ni 3:1. Mji unahamisha safu mbili, na tunasoma 1:1. Nafasi ya kumwondoa mlinzi ni 2 kati ya 6.

Mshambulizi akileta kete mbili zaidi za nguvu 4 katika heksi ya tatu, ya kusini-mashariki, ambako pia ni nchi kavu, jumla inafika 20, uwiano unakuwa 5:1, na baada ya mji tunasoma 3:1. Nafasi imepanda hadi 4 kati ya 6. Dadu ikionyesha 3, tokeo ni HP: mlinzi anaondolewa, mshambulizi anaondoa kete moja ya nguvu 4, na mojawapo ya zilizobaki inaingia mjini. Mji umeanguka kwa sababu ulishambuliwa kutoka pande tatu, na jedwali limeilipa juhudi hiyo kwa kiasi ambacho mchezaji angeweza kukihesabu kabla ya kurusha dadu.

Sasa waite wachezaji wawili wasioijua kazi yako, uwape zamu nne, nawe ukae kimya. Usihesabu nani ameshinda. Tazama kete zinakosogea. Mshambulizi akiukwepa mji kila mara hata pale anapoweza kuugusa kutoka heksi tatu, thamani ya mji ni kubwa mno. Mlinzi akisimama tambarare huku msitu uko heksi moja nyuma yake, thamani ya msitu ni ndogo mno, au LR inamrudisha msituni bure na hana haja ya kuanzia humo. Na ukiona mchezaji anakokotoa kwa muda mrefu akitafuta nguvu moja ya mwisho ili afikie uwiano unaofuata, basi kete zako zina namba zinazotofautiana mno kwa mlinzi wa kawaida. Hapo usiliguse jedwali. Badilisha nguvu zilizoandikwa kwenye kete, kisha urudie hatua ya kwanza.